Mkojo wa Baba Mkwe

Mzee Melkior wa Kirua Vunjo alikuwa radhi afe kuliko mkamwana wake auone mkojo wake. Wala sitii chumvi. Alilisema mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya mkewe, mbele ya daktari na mbele ya mbuzi, ingawa huyo mbuzi tutamfikia.

Na mkamwana mwenyewe alikuwa bado hata hajawa mkamwana kamili. Aikande alikuwa mchumba wa Jovin, mtoto wa mzee; mbege ya kwanza ya posa, ile pombe yetu ya ndizi, ilishanywewa, ya pili ilikuwa inasubiri Jovin ashuke mlimani na wageni wake wa kizungu. Balaa lilikuwa kazi yake. Alikuwa mtu wa maabara pale kituo cha afya cha juu ya soko, na mwenzake wa kupokezana alikuwa likizo ya uzazi. Kwa hiyo kila mkojo uliopelekwa kupimwa katika Kirua yote ile ulipita chini ya jicho lake moja la kulia, maana la kushoto hulifumba anapochungulia hadubini.

Kosa lake la pili lilikuwa kuzaliwa Machame. Mnajua watu wa Kirua wanavyowasema wanawake wa Machame; na mnajua pia kwamba wanaowasema ndio hao hao wanaowaoa. "Mmachame akiuona mkojo wako ameziona figo zako," mzee alikuwa akimwambia mkewe. "Akiziona figo zako anajua utakufa lini. Akijua utakufa lini, kihamba chako ameshakigawa."

"Kwani kihamba chenyewe kikoje?" mkewe, Mama Mektrida, alimjibu. "Migomba saba na mbuzi wawili. Mwache agawe."

Tena mzee alikuwa na ushahidi. Jovin na Aikande walijuana kwa mkojo. Jovin alikuwa ameshuka kutoka kileleni akiwa hoi, midomo imepasuka, akaja kupima. Aikande akaona kwenye mashapo ya mkojo wake vimche vyembamba, vyeupe karibu kama maji, vinavyoonekana tu ukipunguza taa. Hizo ndizo kasti. Zinafinyangwa ndani ya vijibomba vya figo, na zile nyeupe tupu, zisizo na kitu ndani, aghalabu humaanisha mtu amejichosha na hakunywa maji ya kutosha. Akamwambia, "Kaka, hujaumwa. Kanywe maji, upumzike, urudi tupime tena." Jovin akarudi. Zile kasti zilikuwa zimekwisha, naye akaendelea kurudi. Kijana aliyependa hana haya, akampelekea baba yake habari hiyo kwa furaha kama anasimulia muujiza wa Bikira Maria. Mzee Melkior alitoka nje, akaenda kuwatazama mbuzi.

Sasa siku moja mzee akaamka uso umemvimba. Macho yalikuwa yamebaki vijistari viwili, na miguu ikibonyezwa inabaki na shimo. Wiki chache nyuma alikuwa amejikata mguuni kwa panga akipogolea kahawa, kidonda kikatunga usaha, akakifunga kitambaa akakisahau. Uso ulipovimba alikwenda duka la dawa akajitibu yutiai, yale maambukizi ya njia ya mkojo. Huku kwetu kila kitu ni yutiai. Mgongo ukiuma yutiai, ukichoka yutiai, mkeo akinuna pia yutiai. Alimeza vidonge, uso ukazidi kujaa. Mama Mektrida akaona upuuzi sasa umetosha, akamshika mkono akamteremsha hadi kituoni.

Daktari Fabian alimpima presha, akapima tena kwa kutoamini mashine. Ilikuwa juu mno. "Mzee, nahisi figo," alisema. "Naomba mkojo upimwe sasa hivi. Ukionyesha ninachokihisi, leo leo unakwenda hospitali kubwa mjini. Hizi figo zikifunga hatutazifungua kwa maombi."

"Nani anaupima?"

"Aikande."

Mzee akachukua kikopo cha plastiki, akakitumbukiza mfukoni na kusimama. "Choo chenu hakina komeo," alisema. "Nitautolea kwangu." Daktari akamwambia uwe wa hapo hapo, mwenyewe alikuwa ameshafika mlangoni. Kwa uso ule uliovimba bado alitembea haraka.

Kikopo kilirudi mchana, kimepoa. Aikande alikipokea dirishani kwa mikono miwili, macho chini, "Shikamoo baba," kwa adabu zote, na mzee akaitika "Marahaba" huku akilitazama paa. Aikande akaumimina mkojo kwenye kibomba, akauzungusha kwenye mashine mpaka mashapo yakatulia chini, akamwaga maji ya juu, akadondoshea tone lililobaki kwenye kioo na kulifunika. Kijiti cha rangi alikuwa ameshakichovya: hakuna damu, hakuna protini. Mkojo wa njano, mzuri, wa mtu asiye na shida na dunia.

Akachungulia. Lo! Seli bapa, kubwa, zimelaliana chungu nzima kama chapati zilizosahaulika. Hizo ni ngozi ya nje ya njia ya mkojo tu. Zikijaa namna hiyo maana yake mtu hakutega mkojo wa katikati, yaani hakuuacha ule wa kwanza umwagike, na mara nyingi mtu mwenyewe ni mwanamke. Bakteria nao walikuwa wamejaa, wanacheza, lakini chembe za usaha hakuna hata moja. Bakteria wengi bila usaha si ugonjwa, ni uzembe: mkojo umekaa juani, wakazaliana humo koponi. Angekuwa na maambukizi ya kweli, zile chembe nyeupe za askari wa mwili zingejazana. Na kasti hakuna. Kama zilikuwapo zilishayeyuka kwa kukaa, lakini protini haiyeyuki, wala damu haiondoki yote hivi hivi.

Alikaa ameshika tama. Hakuweza kuapa kwamba ni wa mwanamke, maana hata mwanamume huziangusha mbili tatu. Lakini kama mtu mwenye uso ule hana protini wala damu kwenye mkojo, basi ule uso ni wa kuazima.

"Daktari," alisema, "sijui niseme nini. Huu mkojo ni mzima. Umekaa sana, umetegwa vibaya, lakini ni mzima."

Daktari Fabian alimtazama mzee kwa mbali, akautazama mkojo. "Huu mkojo na huyu mtu hawajawahi kukutana," alisema. Akamwita. "Mzee, naomba mwingine. Kesho asubuhi, hapa hapa, kwenye choo chetu."

"Wa nini tena? Si mmesema hakuna damu?"

"Tumesema mkojo hauna damu."

"Basi mimi ni mzima. Mtu mzima haendi mjini." Akavaa kofia yake. Mama Mektrida alikuwa nyuma yake anaitazama sakafu, uso umeiva kwa aibu. Aikande akaelewa mara moja zile chapati zilikuwa za nani. Moyo wake ukapasuka nusu kicheko, nusu hofu. Baba mkwe alikuwa amepata njia ya kufa akiwa na majibu mazuri mkononi.

Kesho yake alikuja kweli, na jua lilikuwa la kukaanga mayai, lakini mzee alikuwa amevaa lile koti lake la sufi la Pasaka, limefungwa vifungo vyote. Alipewa kikopo, akaingia chooni, akatoka kabla hata mlango haujagonga. Kikopo kilikuwa cha moto vizuri. Aikande akapata matumaini. Akakinusa kidogo alipokifungua, maana pua ni kifaa cha maabara pia, msiseme hamkuambiwa. Kulikuwa na harufu fulani ya nyumbani, ya utotoni, akashindwa kuikumbuka.

Kijiti kilimshtua kwanza. Kile kipande kinachopima uchachu kiligeuka bluu ya kola za sare za shule. Mkojo wa binadamu kwa kawaida una uchachu kidogo. Huu ulikuwa wa upande wa pili kabisa. Akauzungusha, akaweka kioo, akafumba jicho la kushoto.

Kitu cha kwanza kuona kilikuwa vifuniko vya majeneza. Hizo ni fuwele za fosfeti, zina umbo hilo hilo kabisa, wala si utani mzuri kuziona kwenye mkojo wa mgonjwa; hutokea mkojo ukipoteza uchachu, wakati mwingine kwa bakteria wa aina fulani, wakati mwingine kwa mkojo kukaa tu. Akasogeza kioo. Kulikuwa na nyingine, ndogo, za mviringo, nyingi zimebanwa kiunoni kama ganda la karanga lenye punje mbili. Zilitapakaa kila mahali. Akasogeza tena, akakuta unywele mmoja mweupe mnene, na pembeni yake kipande cha jani.

"Yesu wangu," alisema Aikande, ambaye ni Mlutheri na hakuwa na mazoea ya kulitaja jina hilo ovyo.

Zile karanga alishawahi kuziona mara moja tu maishani, chuoni, siku mwalimu alipowaletea mkojo wa makusudi ili wajifunze tofauti. Akachukua asidi ya siki, akadondosha tone ukingoni mwa kifuniko cha kioo, akachungulia. Tone likapenya, na karanga zilipoguswa zikaanza kutoa mapovu. Chini ya hadubini ilikuwa sherehe, soda imefunguliwa! Basi ni karboneti ya chokaa. Kwa binadamu ni nadra mno kuiona. Kwa mla majani ni jambo la kila siku.

Akaenda kwa daktari akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Enhe, umeona nini?"

"Daktari, baba mkwe wangu anakula majani."

Daktari Fabian aliinua macho.

"Ni mbuzi," Aikande alisema. "Nimeweka asidi, umetoa mapovu."

Daktari aliweka kalamu chini polepole. "Na huyo mbuzi anaendeleaje?"

"Ni mzima kabisa, daktari."

Walicheka mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuuliza nani amefariki, maana kicheko cha kubanwa kinafanana na kilio. Halafu daktari akaacha kucheka ghafla. "Aikande," alisema, "nimempima presha tena asubuhi hii. Imezidi. Na mkewe anasema jana hakukojoa sana. Kama ni figo zimewaka, kila siku anayotuchezea ni kipande cha figo. Nimemwambia aende mjini bila majibu, anasema ng'o, mkojo wake msafi. Nikimwambia ni wa mbuzi atakataa, ataondoka, hatarudi tena." Akamtazama. "Anayemkimbia ni wewe. Kwa hiyo ni wewe tu unayeweza kumkamata."

Aikande alirudi maabara akakaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka. Akimfedhehesha mzee kwa mbuzi, uchumba umekwisha. Hakuna baba wa Kichagga atakayekaa meza moja na mkamwana aliyemshika na uongo wa namna hiyo. Akinyamaza, wiki ijayo atashona nguo ya msiba badala ya ya harusi. Alitaka kulia. Alimpenda yule mzee, ndiyo shida yenyewe. Alipenda anavyoitika "Marahaba" kwa paa.

Mchana Mama Mektrida akamfuata, amejifunga khanga kifuani kama mtu wa vita. "Mwanangu, nimechoka," alisema. "Ule wa jana ulikuwa wangu. Nililazimishwa."

"Niliona, mama."

"Uliona nini?" Mama alishtuka, akajishika tumbo. "Niko salama?"

"Mzima, mama. Siku nyingine tega wa katikati tu."

"Aika mbe, asante. Basi huyu wa leo nimemwona kwa macho yangu. Alfajiri nasikia vurugu bandani, nachungulia, namkuta mume wangu, baba wa watoto wangu, amechuchumaa nyuma ya mbuzi jike na kikombe changu cha chai. Anamwambia, 'Kojoa, mama, kojoa, nakuomba.' Namuuliza, Melkior, umerogwa? Ananiambia, 'Mbuzi hanywi mbege, havuti tumbaku, mkojo wake lazima uwe msafi. Nife, lakini Mmachame hataona wangu.' Akautia kwenye chupa, akaificha kwapani upate joto." Mama akaanza kucheka, machozi yakamtoka, yakaendelea kumtoka hata kicheko kilipokwisha. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ninajua. Usiku anahema kama amepanda mlima."

Basi Aikande akasimama. "Mama," alisema, "kwenu kuna isale?"

"Isale si ndiyo mpaka wa kihamba?" Mama Mektrida akamtazama vizuri, akaelewa, akaziba mdomo. "Mwanangu! Isale kwa ajili ya mkojo?"

Isale ni jani refu la kijani linalooteshwa mipakani mwa vihamba, na Mchagga akikuletea jani la isale mkononi anakuomba msamaha au anakusihi kwa jambo kubwa, nawe huwezi kumkatalia. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo, wamepatana ndugu waliorushiana mapanga. Tangu Kirua iwe Kirua hakuna aliyewahi kulitumia kuombea mkojo. Lakini Aikande alifikiri: kama jani linazuia watu kuuana, litashindwaje kumzuia mtu mmoja kujiua?

Alimkuta Mzee Melkior amekaa kwenye kigoda mbele ya banda, mbuzi wote wawili wanamtazama kwa shaka. Daktari alikuwa amepanda naye, akabaki njiani kidogo na Mama Mektrida. Aikande akapiga magoti kwenye vumbi, jani mikononi.

"Shikamoo baba."

Mzee aliliona jani kwanza. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. "Hilo la nini? Umenikosea nini?"

"Nimekukosea kwa kuwa na kazi hii, baba. Naomba unisamehe. Na naomba mkojo wako. Wako, baba. Mwenyewe." Akainama zaidi. "Ule wa leo wenyewe ni mzima, yule aliyeutoa usimchinje."

Mbuzi jike akalia mee, na uso wa mzee, kwa ule uvimbe wote, bado ukapata nafasi ya kuiva.

"Ruwa wangu, Mungu wangu!" alisema. Aliangalia jani, akaangalia mbuzi, akaangalia mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu na haukutaka kuingilia. Hakuwa na pa kutokea. Isale ni isale. Akalipokea kwa vidole viwili.

"Nimepokea," alisema kwa shida. "Lakini si haki. Wewe utauona wangu, nitakutazamaje tena mezani? Wewe utakuwa unajua, mimi sijui. Nitakuwa uchi peke yangu." Akafikiri, na Aikande akaona yale macho ya vijistari yanang'aa. "Nitatoa wangu. Lakini kwanza nione wako."

"Melkior!" Mama Mektrida alipiga kelele kule njiani.

"Nyamaza, mama nanihii. Ni haki. Yeye auone wangu, mimi niuone wake, tuheshimiane."

Daktari Fabian akageukia migomba, mabega yakimcheza. Aikande hakucheka. Akafikiria kidogo tu, akasema, "Sawa, baba. Twende."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba jioni ile, kabla hawajafunga, Mzee Melkior aliketi kwenye kiti cha kuzunguka cha maabara, koti la Pasaka na yote, akauchungulia mkojo wa mkamwana wake mtarajiwa. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Aikande akamwelekeza asibane jicho.

"Naona maandazi yaliyokanyagwa."

"Hizo ni seli bapa, baba. Ngozi tu. Ni chache, ni sawa."

"Na hizi bahasha?" Mzee alikaza jicho. "Kuna bahasha! Ndogo ndogo, zina msalaba katikati. Kuna barua humu?"

"Hizo ni fuwele za oksaleti. Zinatokana na mchicha, na chai ya rangi, na..." Aikande akasita.

"Na nini? Sema, nimepokea jani."

"Na kutokunywa maji, baba. Zikiwa nyingi, na mtu akaendelea hivyo, anaweza kupata mawe kwenye figo."

Mzee aliinua kichwa taratibu, mwenye furaha kuliko alivyokuwa tangu auguze ule mguu. "Kumbe hunywi maji! Unakaa hapa unawaambia watu, kaka kanywe maji, binti kanywe maji, na wewe mwenyewe una bahasha!" Akagonga meza. "Mektrida! Njoo uone, Mmachame hanywi maji!"

Alichungulia kwa muda mrefu, akihesabu bahasha kwa sauti. Kisha akainuka mwenyewe, bila kuambiwa, akachukua kikopo, akaenda chooni. Alikaa huko. Aliporudi, kikopo kilikuwa na mkojo kidogo tu, wa moto, na rangi yake ilikuwa chai ya rangi iliyopikwa sana. Akaukabidhi kwa mikono miwili, na safari hii hakulitazama paa.

Aikande akachovya kijiti. Vipande vya damu na protini viligeuka rangi karibu papo hapo. Akauzungusha, akapunguza taa, akaanza kwa lenzi ndogo, pembezoni mwa kioo, ambako kasti hupenda kujibanza. Chembe nyekundu zilikuwa zimejaa, nyingi zimeharibika, nyingine zina vinundu kama zimeng'atwa, jinsi zinavyokuwa zikilazimishwa kupita kwenye kichujio cha figo kilichotoboka. Akabadilisha lenzi. Hapo akaiona: kimche kinene, rangi ya kutu, kingo zake zimenyooka, ndani kimeshindiliwa chembe nyekundu tupu. Karibu yake kingine.

Akanyamaza.

"Mbona kimya?" mzee alisema. "Mimi nimehesabu zako kwa sauti. Nipishe."

Akampisha. Mzee akachungulia, akatafuta, akatulia. "Kuna gogo hapa," alisema. "Gogo jekundu."

"Hiyo ni kasti ya damu, baba." Aikande aliinama karibu naye. "Haifinyangwi kwenye kibofu wala njiani. Inafinyangwa ndani ya figo peke yake. Maana yake damu inavuja huko huko ndani. Si yutiai. Ingekuwa yutiai tungeona usaha na bakteria, na hapa hakuna. Daktari anahisi ni kile kidonda cha mguu. Mwili ulipigana nacho, vita vikahamia kwenye figo."

Mzee Melkior hakutoa jicho hadubinini. Nje mtu alikuwa anaswaga ng'ombe, anampigia mluzi. "Nitakufa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, baba. Kioo hiki hakisemi hilo. Kinasema uende leo. Watu wengi wakiwahi, figo zinarudi."

Aikande akaogopa kwamba atainuka, atavaa kofia, atasema ng'o. Mzee akainuka kweli. "Siku mbili," alisema, "nimempa mke wangu afya yangu, nikampa mbuzi. Wote wakawa wazima." Akacheka kidogo, kisha akajifuta uso ule uliovimba kwa kiganja. "Twende kabla sijapata akili."

Gari la wagonjwa liliwateremsha mzee, mkewe na Aikande, na daktari akapiga simu mbele. Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Mzee akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu ukutani, sindano ya kushusha maji mkononi. Dada wa mapokezi akaja na maswali yake: jina, umri, kijiji. Kisha akamwelekezea Aikande kidole.

"Na huyu ni nani wako? Usiku anabaki mtu mmoja, ndugu wa karibu tu."

Mama Mektrida akafungua mdomo kusema mimi mkewe, na huyu ni mchumba wa mwanetu. Mzee akamwahi.

"Andika binti yangu," alisema.

"Melkior," mkewe akanong'ona, "huyu ni mkamwana."

"Mkamwana haoni mkojo wa baba mkwe. Haijawahi kutokea kwetu, wala haitatokea kwangu. Huyu ameuona, na mimi nimeuona wake. Kwa hiyo ni binti." Akafumba macho, amechoka, mkono wake wa bure ukatafuta wa Aikande ukaushika. "Abaki yeye."

Dada wa mapokezi akaandika. Aikande akaubana ule mkono kwa viganja vyote viwili huku machozi yakimdondokea kwenye shuka ya hospitali.

"Sawa," Mama Mektrida alisema, akijifunga khanga upya aende kutafuta pa kulala. "Sasa Jovin akishuka mlimani nimwambieje, kwamba anamwoa dada yake?"

"Mwambie asubiri nipone," mzee alijibu bila kufumbua macho. "Nami nimekubali kupona."